Flotrapu ya bafu la ghorofani: kupima tundu, kuinamisha sakafu na kuziba maji yasishuke darini

Mwaka juzi mwezi Julai niliitwa kwenye nyumba moja ya ghorofa huko Soweto, Moshi. Dari la jipsamu la sebuleni lilikuwa limeota duara la kahawia, pana kama sinia, na juu yake ndipo lilipo bafu la watoto. Mama mwenye nyumba alikuwa ameshawalipa mafundi wawili. Wa kwanza alipaka silikoni kuzunguka kifuniko cha flotrapu, wa pili akakwangua grauti yote na kupaka mpya. Kila mara dari lilikauka kwa wiki mbili, kisha duara likarudi.

"Fundi, wewe ukija na silikoni nakurudisha ngazini," aliniambia.

Nitaeleza kazi ile kwa hatua, kwa sababu makosa niliyoyakuta pale nayakuta karibu kila bafu ninalolivunja, Moshi hata Arusha. Flotrapu ni lile bakuli la sakafuni linalopokea maji ya kuoga na kuyapeleka kwenye bomba. Wengi huiona kama tundu tu. Ukweli ni kwamba sakafu yote ya bafu hupimwa kuanzia pale. Ukiitega juu au chini kwa sentimita moja, hakuna marumaru itakayokuokoa.

Kwanza jua maji yanatoka wapi

Usivunje kitu kabla ya kujua kinachovuja. Kuna wahalifu watatu, na kila mmoja ana tabia yake.

Bomba la maji safi huvuja usiku na mchana, watu waoge wasioge. Kwa hiyo funga bafu siku mbili, usimwage tone sakafuni, lakini acha maji kwenye bomba. Doa la darini likiendelea kukua, tafuta bomba la ukutani, si sakafu.

Doa lisipokua, chukua mpira wa maji, uingize moja kwa moja ndani ya flotrapu, na uache maji yatiririke dakika 10 bila kulowesha sakafu. Chini pakidondoka, kosa liko kwenye trapu yenyewe au maungio ya bomba lake.

Pakiwa pakavu, ziba tundu la flotrapu kwa kizibo, mwaga maji kidogo yatuame kuizunguka, kina cha sentimita 1 au 2, na uyaache saa kadhaa. Pale Soweto jipsamu ilianza kulowa baada ya saa 3. Bomba lilikuwa zima kabisa. Maji yalikuwa yanapita pembeni ya flotrapu, kati ya plastiki na zege.

Tulipovunja, hadithi yote ilionekana. Skridi, lile tabaka la sementi na mchanga chini ya marumaru, ilikuwa imelala kama meza, haina mwinamo wowote. Fundi aliyejenga alitafuta mwinamo kwa gundi ya marumaru, akaongeza unene pembeni na kupunguza katikati. Dawa ya kuzuia maji ilikuwepo, tena nzuri, lakini iliishia sentimita 3 kabla ya kufika kwenye flotrapu. Na tundu lililotobolewa kwenye slabu ili kupitisha bomba lilikuwa limejazwa karatasi za mfuko wa sementi, juu yake zimepakwa udongo mwepesi wa plasta.

Jambo ambalo mafundi wale wawili hawakuliona ni hili. Marumaru na grauti havizuii maji, vinapunguza tu. Kila siku maji kidogo hupenya kwenye mistari ya grauti na kushuka mpaka kwenye tabaka la dawa. Kwa hiyo bafu lina sakafu mbili: ile unayoikanyaga na ile ya dawa iliyofichika chini yake. Zote mbili lazima ziiname, na zote mbili lazima ziishie ndani ya flotrapu. Ya chini ikilala, maji hutuama ndani ya gundi, grauti inakuwa nyeusi, bafu linanuka hata likipigwa deki kila siku, na siku moja maji hupata ufa wa kushukia.

Ukubwa wa tundu

Chukua ndoo ya lita 10, fungua shawa mpaka mwisho, na utumie saa ya simu. Pale ndoo ilijaa kwa sekunde 50, yaani lita 12 kwa dakika. Ilikuwa shawa ya maji ya sola yanayoshuka kutoka tangi la juu. Shawa ya umeme inayopasha maji papo hapo hutoa kidogo zaidi, mara nyingi lita 3 hadi 5, na baridi ya Julai watu huibana ili maji yawe moto zaidi. Usipimie hapo. Pima ikiwa imefunguliwa yote, maana mwezi wa Januari mtu ataoga maji ya baridi kwa nguvu zote.

Sasa pima flotrapu kabla ya kuinunua, au angalau kabla ya kuijengea. Iweke juu ya ndoo tupu ikiwa na kifuniko chake, na umwagie lita 10 taratibu kiasi kwamba maji yasimame kidogo tu juu ya kifuniko, kama sentimita 2. Ninayoipenda humaliza lita hizo ndani ya sekunde 20 hadi 25, yaani lita 24 mpaka 30 kwa dakika. Hiyo ni mara mbili ya shawa ile, na mara mbili ndicho kipimo changu, kwa sababu nywele na sabuni zitaziba nusu ya matundu kabla mtu hajakumbuka kusafisha.

Watu hubishana kuhusu bomba wakati kinachobana ni kifuniko. Bomba la inchi 2 lina nafasi ya ndani kama sentimita 17 za mraba. Kifuniko cha bei rahisi chenye matundu 24 ya milimita 6 kina nafasi isiyozidi sentimita 7 za mraba, hata nusu ya bomba haifiki. Kwa hiyo hesabu matundu dukani. Kifuniko chenye mifereji mirefu hupitisha zaidi kuliko chenye vitundu vya duara, ingawa cha vitundu hung'aa vizuri zaidi kwenye kabati la duka.

Bomba lenyewe liwe inchi 2. La inchi 1½ lingebeba maji ya shawa moja, lakini likishika nywele kwenye kona hutaweza kulizibua bila kuvunja dari la watu.

Kitu kingine cha kuangalia ukiwa dukani ni maji ya kuzuia harufu. Flotrapu nyingi fupi zina kikombe kilichofunikwa kama kengele, na maji yanayobaki ndani yake ni sentimita 2 tu au pungufu. Bafu la wageni likikaa mwezi bila kutumika, maji hayo hukauka na harufu ya chemba hupanda chumbani. Tena watoto huing'oa kengele hiyo maji yakichelewa kuondoka, na hairudi tena. Mimi natumia trapu ya shingo iliyopinda inayobaki na maji ya kina cha sentimita 5, na naining'iniza chini ya slabu, ndani ya nafasi ya dari. Kutoka pale bomba literemke sentimita 2.5 kwa kila mita. Chemba ya ukutani ilikuwa umbali wa mita 2.4, kwa hiyo mwisho wa bomba ulikuwa sentimita 6 chini ya mwanzo wake. Hakikisha kimo cha dari kinaruhusu kabla ya kukata chochote.

Kupiga hesabu ya mwinamo

Bafu lile lina upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 2.1. Sehemu ya kuogea ni mraba wa mita 1.2 kwa 1.2 upande wa ndani, na mita 0.9 zilizobaki ni za sinki na mlango. Tuliitega flotrapu katikati ya ule mraba, kwa sababu tundu la slabu lilikuwa tayari pale na mimi sipendi kutoboa slabu ya mtu mara mbili.

Kutoka katikati mpaka ukutani ni sentimita 60. Kutoka katikati mpaka pembeni kwenye kona ni kama sentimita 85. Hapa ndipo wengi hukosea. Kingo za mraba zote zinatakiwa ziwe kimo kimoja ili mstari wa marumaru ukutani usipinde, lakini umbali haulingani, kwa hiyo mwinamo nao haulingani. Ukipima kwa kuangalia ukuta tu, kona zitakuwa zimelala na maji yatabaki hapo.

Nataka mwinamo usiopungua sentimita 1.5 kwa mita kwenye kona, na usiozidi sentimita 2.5 kwa mita popote. Chini ya hapo maji yanasita, juu ya hapo mguu wenye sabuni unateleza na mzee hasimami vizuri. Nikapandisha kingo sentimita 1.5 juu ya tundu. Kwenye kona inakuwa 1.5 kwa sentimita 85, sawa na karibu sentimita 1.8 kwa mita. Ukutani inakuwa 1.5 kwa sentimita 60, sawa na 2.5 kwa mita. Zote mbili zimo ndani ya mipaka.

Kisha hesabu ya kimo kutoka juu ya slabu. Kwenye tundu skridi ni sentimita 3, kwenye kingo 4.5. Juu ya skridi kuna dawa ya milimita 3 nikihesabu na wavu wake, gundi milimita 5 na marumaru milimita 8, jumla sentimita 1.6. Kwa hiyo uso wa marumaru kwenye tundu uko sentimita 4.6 juu ya slabu, na kwenye kingo 6.1. Marumaru ya korido nje ya mlango ilikuwa sentimita 7 juu ya slabu. Tofauti ni milimita 9, ambazo tulizitumia kuinamisha ile sehemu ya mita 0.9 kutoka mlangoni kuja kwenye shawa, sentimita 1 kwa mita. Tulibahatika. Nyumba nyingi hazina hizo milimita 9, na bafu linakuwa juu kuliko chumba. Kama bado hujamwaga slabu, mwambie fundi wa zege ashushe sehemu ya bafu sentimita 5. Ni kazi ya mbao moja ya fomu siku hiyo, na baadaye haiwezekani tena. Slabu ikiwa imeshamwagwa na nafasi haipo, jenga kizingiti kwenye shawa na ukubali kukiruka.

Marumaru kubwa za 60 kwa 60 hazikubali sakafu inayoinama pande nne. Itabidi uzikate kwa mshazari kama bahasha. Tulitumia za 30 kwa 30 na mikato minne ya mshazari kutoka kona kuja tunduni. Ukitaka marumaru nzima bila mikato, weka mfereji mrefu kando ya ukuta, sakafu yote iiname upande mmoja. Unagharimu zaidi lakini ni rahisi kujenga.

Kushika flotrapu kwenye slabu

Hapa ndipo pa kukaa bila haraka. Plastiki ya PVC ni laini kama kioo, na sementi haiishiki. Juu ya hapo maji ya moto huitanua na ya baridi huirudisha. Hata ukijaza zege zuri, baada ya miezi utabaki ufa mwembamba kama unywele ukizunguka bomba lote.

Kwanza panua tundu la slabu hadi libaki nafasi ya sentimita 3 au zaidi kuzunguka bomba, toa vumbi, na ukwaruze kuta zake. Halafu chukua msasa mkali na ukwaruze nje ya bomba na nje ya bakuli la flotrapu mpaka mng'ao uishe. Paka gundi ya PVC sehemu hiyo, na kabla haijakauka nyunyizia mchanga mkavu wa chembe kubwa. Gundi ikikauka, bomba lina ngozi ya mchanga ambayo sementi inaweza kuing'ata. Mchanga ule ule ndio utakaoishika dawa ya kuzuia maji baadaye, kwa hiyo paka na sehemu ya juu ya ndani ya bakuli, sentimita 2 kutoka mdomoni.

Funga ubao chini ya slabu, tega flotrapu mdomo wake ukiwa sentimita 3 juu ya slabu, uhakikishe kwa pima maji kwamba imelala sawa pande zote, na uifunge isicheze. Lowesha kuta za tundu. Jaza zege la sementi 1, mchanga 2 na kokoto ndogo 2, kavu kiasi, ukishindilia kwa fimbo. Grauti isiyosinyaa ni bora zaidi ukiipata. Lifunike kwa gunia bichi siku 3.

Neno kuhusu mchanga. Mchanga wetu wa huku mara nyingi huja na vumbi na udongo. Tia kwenye chupa ya maji pamoja na maji, tikisa, iache usiku. Ukiona tabaka nene la tope juu ya mchanga, uoshe au ubadilishe.

Skridi, kisha dawa

Skridi ni sementi 1 kwa mchanga 4. Piga alama za kimo ukutani, sentimita 4.5 kuzunguka mraba wote, kisha vuta rula ya alumini kutoka alama mpaka mdomo wa flotrapu, kama unavyovuta mkono wa saa. Kona ya sakafu na ukuta iviringishe kwa plasta, isibaki kali, maana dawa hupasuka kwenye kona kali. Mwagilia skridi siku 7.

Kabla ya dawa, mwaga kikombe cha maji kila kona. Yakisimama mahali, parekebishe sasa, si kwa gundi.

Dawa niliyotumia ni ile ya sementi yenye mpira, inayokuja kama unga na maji yake ya maziwa. Lowesha skridi iwe na unyevu lakini isiwe na maji yanayong'aa. Kata kipande cha wavu wa faiba cha sentimita 40 kwa 40, kitoboe katikati kwa mkato wa nyota, kilaze kwenye koti la kwanza likiwa bichi, na ncha za nyota uzikunje ziingie ndani ya bakuli, zishike ule mchanga. Hilo ndilo lililokosekana kwa fundi aliyejenga: dawa lazima iingie kwenye mdomo wa flotrapu, isiishie pembeni yake. Weka wavu pia kwenye kona zote za ukuta. Koti la pili pakaza kwa kukatiza la kwanza, likishakaza kwa muda ulioandikwa kwenye mfuko. Kwenye kuta za shawa panda mita 1.8 au zaidi, kuta nyingine sentimita 15, na mlangoni usiishie kabla ya kizingiti.

Kupima kwa kufurika

Dawa ikishakauka kwa siku zilizotajwa na mtengenezaji, ziba flotrapu. Kizibo kikae chini ya sehemu dawa ilipoishia ndani ya bakuli. Ukikiweka juu, utakuwa hujapima kile kiungo kinachovuja kuliko vyote. Jenga kingo ndogo ya plasta mlangoni, jaza maji mpaka kingo za shawa zizame, na uchore mstari wa penseli ukutani. Kando yake weka beseni lenye maji, nalo ulipige mstari, ili ujue kiasi kilichokauka kwa hewa tu. Acha saa 24.

Asubuhi tulikuta maji yameshuka milimita 6, beseni milimita 1. Nilikaa kimya, mama ananitazama. Lakini chini pote palikuwa pakavu, na tulipofungua chemba tukasikia tone, tone. Kizibo ndicho kilichokuwa kinapitisha. Tukakibana upya, saa 24 nyingine, sakafu na beseni vikalingana.

Kulaza marumaru na kifuniko

Sasa gundi inaweza kuwa na unene mmoja, kwa sababu mwinamo umeshajengwa chini. Usigonge msumari, usiburute mbao juu ya dawa.

Fremu ya kifuniko isizungushiwe sementi mpaka chini. Ikae juu ya vipande vinne vidogo vya marumaru, na kati yake ujaze changarawe safi, ili maji yaliyopenya chini ya gundi yapate njia ya kuingia kwenye bakuli. Ukiziba pale, umetengeneza bwawa juu ya dawa yako. Uso wa kifuniko uwe milimita 2 chini ya marumaru. Kwenye mkutano wa sakafu na ukuta tumia silikoni badala ya grauti, kwa sababu hapo panacheza.

Kabla ya kufunga jipsamu tuliacha mlango mdogo wa sentimita 40 chini ya trapu, unaofunguka kwa bisibisi. Masika mawili yameshapita. Mara ya mwisho nilipopita pale mama alinifungulia mwenyewe, nikapitisha mkono juu ya zege, na vumbi likabaki kavu vidoleni.